Nyigu Anayeingia Ndani ya Bua

Pasua bua la mhindi uliodumaa katika shamba la pwani na kuna uwezekano mkubwa ukute njia iliyochimbwa katikati, imejaa unga wa kahawia wenye unyevu. Huo unga ni kinyesi, na mwenyewe yumo humo humo: funza wa mabua, au bungua kama wengine wanavyomwita. Ana urefu wa sentimita mbili na ushei, rangi ya krimu, madoadoa meusi mgongoni na kichwa cha kahawia. Lakini mara nyingine unapasua bua, njia unaiona, unga unauona, funza humwoni. Unakuta ngozi yake tu, imenywea, na kando yake fungu la vifuko vyeupe vilivyoshikana kama punje za mchele.

Ni rahisi kudhani hayo ni mayai ya funza na kuyaponda kwa kisigino. Funza hatagi mayai. Anayetaga ni nondo mama yake, naye hutaga juu ya majani, si ndani ya bua. Vile vifuko ni vya nyigu mdogo mweusi mwenye urefu wa milimita tatu hivi, ambaye wataalamu humwita Cotesia flavipes. Watoto wake wameishi mwilini mwa funza kwa karibu wiki mbili, wakinywa damu yake, kisha wakatoboa ngozi wote kwa pamoja, wakatoka na kujisokotea hariri. Hana habari na binadamu wala hajengi kiota darini. Wengi wetu tumepita katikati yao maisha yetu yote tusijue kama wapo.

Nyigu huyu hakuzaliwa huku, na funza anayemwinda vilevile si mwenyeji. Funza huyo, Chilo partellus, asili yake ni Asia. Barani Afrika alionekana kwanza Malawi karibu mwaka 1930, na miongo iliyofuata akatapakaa katika nchi za joto za Afrika Mashariki na Kusini, hasa pwani na mabondeni. Alikuja peke yake. Maadui zake wa kwao walibaki Asia. Alikuta mahindi na mtama tayari, akakuta pia nyigu wa kienyeji, Cotesia sesamiae, aliyezoea kuwinda funza wengine wa mabua wa huku. Nyigu huyo alijaribu kumwinda mgeni, lakini idadi aliyoiua ilikuwa ndogo mno kuweza kumpunguza shambani.

Wazo la kumfuatishia mgeni adui yake wa nyumbani si jipya. Kati ya mwaka 1968 na 1972 taasisi ya Jumuiya ya Madola iliyoshughulikia udhibiti wa kibiolojia ilileta Kenya, Uganda na Tanzania aina kadhaa za wadudu wa namna hii, nyigu wetu akiwa mmojawapo. Hakuna aliyeshika. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1991, pale kituo cha utafiti wa wadudu cha Icipe cha Nairobi, kile alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kilipoleta nyigu wengine kutoka Pakistani kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi. Walifugwa, wakachunguzwa, na mwaka 1993 wakaachiliwa katika mashamba ya pwani ya kusini ya Kenya. Safari hii walishika.

Kuelewa kwa nini walishika pwani, na kwa nini hawafui dafu nyanda za juu, kunahitaji kumfuata nyigu jike mmoja kuanzia anapotoka kwenye kifuko chake.

Maisha yake ni mafupi. Bila chakula ataishi siku mbili tatu. Akipata asali au maji ya maua anaongeza kidogo. Mara tu anapotoka hupandwa na dume, mara nyingi ndugu yake wa fungu lile lile, halafu anaondoka. Tatizo lake ni kwamba anayemtafuta amejificha ndani ya bua. Hawezi kumwona. Anachoweza ni kunusa, na pua yake iko kwenye papasi mbili ndefu zinazochezacheza mbele ya kichwa.

Jinsi anavyonusa ilichunguzwa kwa kifaa chepesi kabisa: bomba la kioo lenye umbo la herufi Y. Upande mmoja hupulizwa hewa iliyopita kwenye mhindi mzima, upande wa pili hewa iliyopita kwenye mhindi wenye funza. Nyigu jike huwekwa kwenye mguu wa Y na kuachwa achague. Wengi hupanda mkono wenye mhindi ulioshambuliwa. Mmea unaotafunwa na funza hutoa mvuke wenye harufu ambayo mmea mzima hautoi, na harufu hiyo husafiri na upepo mpaka nje ya shamba. Akishatua juu ya mmea, kazi inabaki kwa kile kinyesi kibichi kinachochungulia kwenye tundu. Nyigu anakipigapiga kwa papasi, anazunguka, kisha anaingia.

Kuna jambo lililogunduliwa baadaye ambalo, kwangu mimi, ndilo la kushangaza kuliko yote. Mwaka 2011 watafiti wa Icipe na wenzao walichapisha matokeo kuhusu mbegu za kienyeji za mahindi zenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini. Nondo wa funza huyu alipotaga tu mayai kwenye jani, kabla hata funza mmoja hajaanguliwa, mmea ulianza kutoa harufu iliyowavuta nyigu: wale wadogo zaidi wanaoshambulia mayai, na pia yule wa kienyeji anayeshambulia funza. Mahindi chotara ya kibiashara waliyoyalinganisha nayo hayakufanya hivyo. Inaelekea katika miaka mingi ya kuchagua mbegu kwa ukubwa wa gunzi, hakuna aliyefikiri kuchagua pia kwa harufu, nayo ikapotelea njiani.

Tabia hiyo hiyo ya kufuata harufu ilitumiwa kwa njia nyingine huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Kuna nyasi ya Kiafrika yenye majani yanayonata, iitwayo kitaalamu Melinis minutiflora, ambayo hutoa wakati wote, bila kuguswa, kemikali mojawapo ambayo mhindi huitoa ukitafunwa. Watafiti Zeyaur Khan, John Pickett na wenzao walionyesha mwaka 1997 kwamba nyasi hiyo ikipandwa katikati ya mahindi, nondo huepuka shamba, na papo hapo nyigu wa kienyeji huja kwa wingi zaidi. Nondo anasikia harufu ya shamba lililokwisha kuvamiwa, anaona hapamfai; nyigu anasikia harufu ile ile na kuona pana riziki.

Turudi kwa nyigu wetu aliyeingia tunduni. Sasa yumo katika njia nyembamba, gizani, na mbele yake kuna mnyama anayemzidi urefu mara nane. Funza hakubali kuguswa. Anageuza kichwa, anatema mate, anauma. Katika majaribio ya maabara, takriban theluthi moja ya nyigu walioingia njiani waliuawa na funza. Hiyo ni hatari ya kila anapoingia, si ya maisha yake yote, kwa hiyo uwezekano wa nyigu mmoja kutoka salama katika mashimo matatu mfululizo ni chini ya theluthi moja.

Ukishajua hilo, namna yake ya kutaga inaeleweka. Jike ana mayai kama 150 kwa jumla. Akimfikia funza anachoma mrija wake wa kutagia na kwa sekunde chache tu anaachia mayai kama 40 kwa mkupuo. Baadhi ya nyigu wengine, wanaowinda viwavi wa majani ulio wazi, hutaga yai moja kwa kila kiwavi na kwenda kwa mwingine. Huyu hana nafasi ya kuwa bahili, huenda asitoke. Wapo wanaoumwa wakafa humo humo wakiwa wameshamaliza kutaga.

Ndani ya mwili wa funza vita nyingine inaanza. Wadudu hawana kinga kama yetu, lakini wana chembe za damu zinazotambua kitu kigeni, zikakizunguka tabaka juu ya tabaka hadi kikafungwa kabisa na kukosa hewa. Yai lolote lililotupwa humo bila maandalizi lingekuwa limekwisha. Nyigu, pamoja na mayai, hudunga kimiminika chenye mamilioni ya chembe za virusi. Virusi hivi havimuumizi nyigu hata kidogo, kwa sababu vimeandikwa katika jeni zake mwenyewe; hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa mwana na hutengenezwa tu katika sehemu ya ovari. Wataalamu wanakadiria kwamba ukoo wa nyigu hawa ulivichukua virusi hivyo miaka milioni 100 hivi iliyopita. Vikiingia kwa funza huzivuruga chembe zake za damu zisiweze kuzingira kitu. Mayai yanaanguliwa baada ya siku tatu hivi, na vibuu vinaanza kunywa.

Havigusi viungo muhimu. Funza anaendelea kutembea na kula, na hilo mkulima anapaswa kulijua: funza aliyechomwa leo ataendelea kulila bua kwa siku 10 hadi 14 zaidi. Kisha vibuu hutoka, huzungushia kila kimoja kifuko chake, na baada ya siku tano sita nyigu wapya wanatokea kwenye tundu lile lile alilolichimba funza. Mzunguko mzima huchukua chini ya wiki tatu, ilhali funza mwenyewe huhitaji mwezi au zaidi kutoka yai hadi nondo.

Hapo kwenye vita ya damu ndipo mpaka wa kazi ya nyigu huyu ulipo. Nyanda za juu za Kenya na Tanzania, kwenye baridi, funza anayetawala si yule wa Asia bali ni mwenyeji, Busseola fusca. Nyigu wa Pakistani huvutwa na mhindi wenye funza huyo sawasawa na ule wenye funza wa Asia. Pua yake haitofautishi. Anaingia, anahatarisha maisha, anataga. Lakini virusi vyake haviziwezi chembe za damu za Busseola, na mayai yote yanazingirwa na kufa. Ukimpasua funza huyo chini ya darubini utayaona mayai yamevikwa koti la chembe za kahawia. Sehemu ambazo funza wa aina zote mbili wanaishi pamoja, kila Busseola anayechomwa ni mayai 40 yaliyotupwa.

Nyigu wa kienyeji ana hadithi yake katika jambo hili. Walipolinganisha wale waliokusanywa Mombasa na waliokusanywa Kitale, watafiti waligundua kwamba kwa macho huwezi kuwatenga, lakini wa Kitale anazaliana vizuri ndani ya Busseola, na wa Mombasa mayai yake hufungwa na kufa. Walioishi na funza huyo wamepata virusi vyenye makali ya kumtosha. Wa pwani, ambako Busseola ni nadra, hawana. Kwa hiyo ukiagizwa nyigu wa kuachilia shambani, haitoshi kuuliza ni wa aina gani. Uliza pia katoka wapi, na kwa funza yupi.

Kuwafuga ni kazi ya mikono. Funza hukuzwa kwenye chakula cha kutengeneza au vipande vya bua. Wakifikia ukubwa unaotakiwa huwekwa kwenye bua bichi kwa siku moja, ili wapate harufu ya kinyesi, maana nyigu huwakataa wasionuka. Kisha mfanyakazi humshika funza kwa kibanio laini, akamsogeza kwenye kichupa chenye nyigu majike mpaka mmoja amrukie na kumchoma. Funza hurudishwa kwenye chakula, na baada ya siku 12 hivi vifuko hukusanywa. Vikikaribia kutoa nyigu hupelekwa shambani vikiwa vimekingwa sisimizi, ambao wasipozuiwa huvimaliza vyote kwa usiku mmoja.

Kosa la kawaida la ufugaji hujulikana kwa kuhesabu. Kwa nyigu hawa, yai lililorutubishwa huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Kwa kawaida majike huzidi. Kizazi kikitoka madume watupu, maana yake mama zao walichomeshwa funza kabla ya kupandwa, pengine kwa haraka ya mfanyakazi au kwa sababu madume yalikuwa machache kichupani. Kuwapeleka madume hao shambani ni kujisumbua bure.

Sasa, walifanya nini pwani? Mwanzoni karibu si chochote. Waliachiliwa mwaka 1993, wakaonekana msimu ule ule, halafu kwa miaka kadhaa wakawa wanapatikana kwa tabu. Mradi wa kawaida, wa miaka mitatu na ripoti, ungefunga daftari na kuandika kwamba wameshindwa. Kuanzia mwaka 1997 idadi yao ikaanza kupanda kila msimu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba funza kwenye kila mhindi katika eneo hilo walikuwa wamepungua kwa kati ya theluthi moja na nusu na kidogo, ukilinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila nyigu. Baadaye waliachiliwa pia Uganda, Zanzibar, Msumbiji na nchi nyingine za Mashariki na Kusini mwa Afrika.

Ajabu ni kwamba hata katika miaka hiyo mizuri, ukipasua mabua siku moja na kuhesabu funza walioshikwa, walikuwa wachache, chini ya robo. Inawezekanaje adui anayeshika funza wachache hivyo apunguze karibu nusu? Jibu liko kwenye mwendo wa msimu. Hesabu ya siku moja huwaacha nje walioshikwa wakafa wiki iliyopita na watakaoshikwa wiki ijayo. Zaidi ya hapo, funza anapata vizazi viwili au vitatu katika msimu mmoja wa mahindi. Kila kizazi kikipunguzwa kidogo, kinachofuata kinaanza na mama wachache zaidi, na punguzo linajirudia juu ya punguzo. Kufikia mahindi yanapochanua, tofauti imekwisha kuwa kubwa.

Ndiyo sababu nyigu hawezi kuamuliwa kwa jicho la dawa. Ukinyunyiza dawa leo, kesho unahesabu maiti. Ukiachilia nyigu leo, mahindi ya leo hayapati chochote. Anayefaidika ni mkulima wa misimu ijayo, pamoja na jirani yake ambaye hakuombwa shilingi wala hajui kilichotokea. Udhaifu wa kazi hii uko hapo pia: hakuna duka litakalouza kitu ambacho, kikishashika, hakinunuliwi tena.

Mambo mawili ya shambani humwangusha. La kwanza ni dawa. Funza akishaingia kwenye bua, dawa ya majani haimfikii, lakini nyigu anayetembea juu ya jani akitafuta tundu huikanyaga moja kwa moja. Anayepulizia mahindi marefu yenye matundu kwa hiyo anamuua mwindaji na kumwacha mwindwa. Dawa ina nafasi mapema tu, funza wangali wadogo kwenye moyo wa mche, kabla hawajatoboa. La pili ni moto. Wakati wa kiangazi funza hulala ndani ya mabua makavu, baadhi yao wakiwa na nyigu. Kuchoma mabua kunaua funza wengi, hilo ni kweli, na ushauri huo umetolewa miaka mingi, lakini kunaunguza na nyigu waliobaki kuanzisha msimu mpya. Mabua yakikatwakatwa na kulishwa ng'ombe funza hupungua vilevile, na wale nyigu walioko kwenye magugu na nyasi za pembeni, kama mtama mwitu, husalimika.

Wakati hayo yakiendelea, mwaka 2016 akaingia Afrika mgeni mwingine, kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika, na kufikia mwaka 2017 alikuwa ameshajaa katika mahindi ya Kenya na Tanzania. Safari hii hapakuwa na muda wa kwenda Pakistani. Watafiti walianza kwa kukusanya viwavi na mayai yake mashambani, kuyaweka kwenye vichupa na kungoja kuona kitakachotoka. Kwenye mayai alitoka Telenomus remus, nyigu mdogo kuliko mbegu ya mchicha, anayejulikana Amerika kwa kazi hiyo hiyo, na ambaye hakuna aliyekuwa na habari kwamba yupo tayari katika nchi kadhaa za Afrika. Kwenye viwavi wa Ethiopia alitoka kwa wingi ndugu wa nyigu wetu, Cotesia icipe, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amepewa jina mwaka 2017, kutokana na nyigu waliopatikana Kenya kwenye viwavi wa mchicha. Huyu haingii ndani ya bua. Humfuata kiwavi kwenye moyo wa mhindi, akiwa bado mdogo, pale pale ambapo wakulima wengi siku hizi humwaga dawa mara tu wanapoona jani la kwanza lenye matundu.